SOMO: Kwa nini mafuta na maji hayachanganyiki, na jinsi ya kujua chumvi na iodini zitayeyuka kwenye nini

Swali hili linarudi kila muhula, na kila mara kuna anayejibu "mafuta ni mepesi". Wepesi unaeleza kwa nini mafuta yanakaa juu, basi. Spiriti nayo ni nyepesi kuliko maji, lakini ukiimimina majini inachanganyika yote.

Molekyuli ya maji ina ncha mbili: upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa hidrojeni chaji chanya kidogo. Kwa hiyo maji yanashikana yenyewe kwa nguvu. Molekyuli ya mafuta ni mnyororo mrefu wa kaboni na hidrojeni, karibu wote hauna ncha. Ikiingia kati ya maji, haina cha kushikana nacho vizuri, na maji yanayoizunguka yanalazimika kujipanga na kupoteza uhuru wa kugeuka. Maji hayayafukuzi mafuta. Yanashikana tu yenyewe, mafuta yanabaki nje. Kanuni ni hii: chenye ncha huyeyuka kwenye chenye ncha, kisicho na ncha kwenye kisicho na ncha.

Tujaribu. Tafuta chupa mbili ndogo za kioo zenye vifuniko, maji, mafuta ya taa, chumvi, na dawa ya iodini ya vidonda ile iliyochanganywa na spiriti. Fanya mbali na moto, dirisha likiwa wazi.

1. Osha chupa, suuza sabuni yote, kausha.

2. Chupa ya kwanza: mafuta ya taa ml 20, chumvi nusu kijiko cha chai. Tikisa. Chumvi inatua chini punje kwa punje. Chupa ikiwa na unyevu, chumvi itaunyonya na kuganda kwenye kioo, nawe utadhani imeyeyuka.

3. Chupa ya pili: maji ml 20, kiasi kilekile cha chumvi. Inapotea. Ml 100 za maji zinabeba takriban gramu 36.

4. Kwenye chupa hiyo ya pili tia matone mawili ya iodini. Hapa ndipo wengi wanapotoka na jibu la uongo. Maji yanageuka rangi ya chai hafifu, mtu anaandika "iodini inayeyuka vizuri majini". Hapana. Iodini tupu ni I₂, atomu mbili zinazofanana, haina ncha, na ml 100 za maji zinabeba takriban gramu 0.03 tu. Dawa ya dukani kwa kawaida imetiwa iodidi, ambayo inashikana na I₂ kuwa I₃⁻. Hiyo ni ioni, ina chaji, ndiyo maana maji yanaipokea. Usiandike matokeo kabla ya hatua ya 5.

5. Ongeza mafuta ya taa ml 10, funga, pindua chupa taratibu mara kadhaa, iache itulie. Usitikise kwa nguvu, tabaka zitachelewa kutengana. Tabaka la juu linapata rangi ya waridi au zambarau: iodini imehama. Maji yanapauka lakini hayawi meupe kabisa, kwa kuwa iodidi bado inaishikilia nyingine. Kama mafuta yako yana rangi tangu dukani, weka mengine pembeni ya kulinganisha.

MASWALI

— Mkuu, sina mafuta ya taa, nitumie petroli?
Hapana. Mvuke wake unashika moto upesi mno.

— Mimi imekataa, rangi hafifu sana. Nimetumia povidoni.
Nimeandika ile iliyochanganywa na spiriti. Kwenye povidoni iodini imeshikwa na inatoka kidogo kidogo.

— Na mafuta ya kula je?
Yanaichukua, ila rangi huweza kufifia. Mafuta ya alizeti yana bondi maradufu, na iodini inaungana nazo polepole. Hapo si kuyeyuka tena, ni mmenyuko.

— Mwalimu, mbona iodini ni kahawia kwenye spiriti lakini zambarau kwenye mafuta ya taa?
Umeangalia vizuri. Zambarau ndiyo rangi ya I₂ ikiwa huru, hata mvuke wake ni zambarau. Mafuta ya taa yanaiacha ilivyo. Oksijeni ya spiriti inaipa I₂ sehemu ya elektroni zake, wanashikana kidogo, na mwanga unaofyonzwa unabadilika. Ndani ya dawa yako iodidi nayo inaongeza ukahawia.

— Chaki pia ni ioni. Mbona haiyeyuki majini?
Hapo ndipo mpaka wa kanuni. Ioni za kalsiamu na kaboneti zina chaji mbili mbili, zinavutana kuliko maji yanavyoweza kulipia. Kanuni inakuambia uanze na kiyeyushi kipi. Haikuahidi kwamba kitatosha.

— Nimemwagia iodini shati la shule!
Ponda kidonge cha vitamini C, koroga na maji, paka. Iodini inageuka iodidi, haina rangi, na maji yanaiondoa. Jaribu kwanza kwenye pindo.

— Mabaki nimwage kwenye sinki?
Usimwage. Yaweke kwenye chupa iliyofungwa na kuandikwa, uyapeleke maabara ya shule.