Fidia ya bima imeingia akaunti ya mtu mwingine? Andika barua hivi

Usiandike tu "sijapata hela." Ombi la kurudisha muamala huanzishwa na benki iliyotuma, kwa agizo la kampuni ya bima. Wewe ukienda benki iliyopokea, watakwambia si mteja wao, na hawakosei.

Barua iende kitengo cha madai, nakala kwa mhasibu. Taja namba ya dai, kiasi, tarehe na namba ya kumbukumbu ya muamala. Kisha weka maombi mawili yanayojitegemea:

"Naomba muiagize benki yenu leo irudishe Sh 2,400,000 zilizotumwa akaunti inayoishia 4471. Pia naomba mnilipe upya kwenye akaunti inayoishia 4417, niliyoijaza kwenye fomu ya madai, bila kusubiri fedha hizo zirudi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito: aliyepokea akishazitoa, kuzirudisha huchukua muda. Ila kama namba uliikosea wewe kwenye fomu, hoja hiyo inalegea.

Ambatisha nakala ya fomu, taarifa ya benki ya kipindi hicho na barua ya benki kuthibitisha akaunti yako. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wakikaa kimya, kwa Tanzania peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima, pamoja na nakala hiyo.