Somo: Kunyoosha kisengerenyuma bila kuongeza wala kupunguza

Kisengerenyuma ni pale masimulizi yanaporuka nyuma kwenye yaliyotangulia; kukinyoosha ni kuyasimulia matukio upya kwa mfuatano yalivyotokea. Tutumie aya hii niliyowatungia darasani hapa Kigoma:

"Mwajuma alishuka stesheni ya Kigoma alfajiri, mikono mitupu. Akakumbuka ya Uvinza: treni ilikuwa imesimama, naye alikuwa ameshuka kununua chumvi, aliporudi kwenye behewa debe la asali halikuwepo. Asali hiyo alikuwa amepewa na mjomba wake huko Sikonge, siku mbili kabla ya kupanda treni Tabora. Akapanda bajaji kwenda Ujiji."

Kwanza, pigia mstari kila kitenzi, kisha kiandikie namba ya wakati wake, si ya mahali kilipo kwenye aya. Kupewa asali ni 1, kupanda treni 2, treni kusimama 3, kushuka Uvinza 4, kurudi na kukosa debe 5, kushuka Kigoma 6, kukumbuka 7, bajaji 8. Kupanda treni ndiko husahaulika, maana kumejificha ndani ya "kabla ya".

Pili, andika upya kwa kufuata namba. "Alikuwa amepewa" inageuka "alipewa", kwa sababu hatusimami tena kwenye wakati wa mbele na kutazama nyuma. "Siku mbili kabla" nayo inageuka "siku mbili baadaye". Jina Mwajuma lihamie sentensi ya kwanza, la sivyo msomaji atauliza ni nani aliyepewa.

"Mwajuma alipewa debe la asali na mjomba wake huko Sikonge. Siku mbili baadaye akapanda treni Tabora. Treni iliposimama Uvinza, alishuka kununua chumvi. Aliporudi kwenye behewa, debe halikuwepo. Alishuka stesheni ya Kigoma alfajiri, mikono mitupu. Akakumbuka ya Uvinza, kisha akapanda bajaji kwenda Ujiji."

Tatu, hesabu tena: matukio manane kule, manane huku. Wengi huandika "debe liliibwa". Aya imesema halikuwepo tu. Mwizi mmemleta nyinyi.

Maswali

*Mwalimu, "akakumbuka" si tuifute? Yaliyokumbukwa tumeshayasimulia.*
Usiifute. Kukumbuka ni tukio lililotokea Kigoma. Unachoondoa ni marudio ya yaliyomo tu, ndiyo maana nimebakiza "ya Uvinza".

*Mimi niliandika "akashuka, akanunua chumvi". Nimekatwa alama moja, naona nimeonewa.*
Hujaonewa, ndugu yangu. "Alishuka kununua" ni nia. "Akanunua" ni tendo lililokamilika, na hilo aya haikulisema.

*Lakini alifika mikono mitupu. Basi tuandike kwamba hakununua?*
Hapana. Labda aliitia mfukoni, labda alirudi mbio treni ilipopiga honi. Hata honi yenyewe nimeitunga sasa hivi, kwa hiyo msije mkaiweka kwenye majibu.