Shahidi akikwepa swali, usiandike "alikana"

Ukifupisha maswali ya dodoso, yaani yale ambayo upande wa pili humuuliza shahidi, kwenye mwenendo wa kesi, chunga majibu yasiyojibu. Chukua mfano wa mgogoro wa shamba la zabibu Hombolo. Shahidi anaulizwa: "Ulikuwepo wakati mpaka wa shamba unapimwa?" Anajibu: "Mpaka ule kijiji kizima kinaujua." Hajakiri, hajakana. Andika: "Aliulizwa kama alikuwepo, hakujibu, alisema kijiji kinaujua mpaka," na namba ya ukurasa. "Sikumbuki" nayo iache hivyohivyo, maana si "hapana".

Tabu ni kwamba mahakimu wetu kwa kawaida huandika ushahidi kama maelezo, swali halionekani. Hapo nakili jibu tu, usibuni swali. Kisha soma hadi maswali ya ufafanuzi, yale anayoulizwa tena na wakili wa upande wake baada ya dodoso, kwani huenda shahidi akajibu huko.