Kabla ya kukodisha vibanda vya soko

Kabla fundi hajaleta mbao za kugawanya, chora vibanda vyote sakafuni kwa chaki, kisha uite watu waingie na vifaa vyao. Jumba letu hapa Nakuru ni la mita 18 kwa 10, na mwanzoni tulichora vibanda vya upana wa mita moja na nusu. Mama mshonaji akaja na cherehani, meza ya kukatia na benchi. Alipovipanga, mteja hakuwa na pa kusimama ila koridoni. Tukafuta, tukachora mita mbili.

Koridoni tuliacha mita mbili kamili, kila upande ukabaki na kina cha mita nne. Mita tatu za nyuma upande mmoja zilienda kwa choo. Tulipata vibanda 15: vitatu vya mita tatu, viwili kati yake vikiangalia barabara, na 12 vya mita mbili.

Kodi usiigawe kwa ukubwa peke yake. Mnunuzi humaliza pesa mlangoni, kwa hiyo kibanda cha ndani hakiwezi kulipa sawa na cha mbele hata vikitoshana. Sisi tulihitaji kama shilingi 120,000 kwa mwezi. Viwili vya barabarani tuliviweka 16,000 kila kimoja, kile kikubwa cha nyuma 9,000, vidogo sita vya karibu na mlango 7,500, na sita vya ndani 5,500. Jumla ni 119,000. Piga hesabu tena viwili vya ndani vikiwa vitupu: unabaki na 108,000. Kama una mkopo na hauwezi kulipwa na hizo, tatizo ni mkopo, usiwaongezee wapangaji. Ukiona wa ndani wanahama kila baada ya miezi michache huku watu wakipigania vya mbele, pengo la kodi ni dogo mno.

Kanuni ziwe chache, na ziandikwe kabla ya pesa kupokewa. Piga rangi mstari mbele ya kila kibanda. Bidhaa zisiuvuke, maana mmoja akiuvuka na jirani atauvuka, na wa ndani ndio watakaokosa wateja. Kila kibanda kiwe na mita yake ndogo ya umeme, hasa ukipokea kinyozi au saluni. Samaki na nguo wasipakane.

La mwisho ni sheria ya wenye maduka na wapangaji, sura ya 301 ya sheria za Kenya. Mkataba wa duka usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, unalindwa. Huwezi kupandisha kodi au kumwondoa mpangaji bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, naye anaweza kuipinga kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Kumfungia kibanda kwa kufuli asubuhi kwa sababu ya deni kutakuletea kesi. Ndiyo maana sisi huchukua depositi ya miezi miwili: ya mwezi mmoja huisha kabla notisi haijaisha.