Somo: Methanoli, ini, na kwa nini pombe safi hutibu pombe yenye sumu

Habarini wanajamii. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya kando ya ziwa, upande wa Igombe. Naandika hasa kwa wenzangu wa vituo vidogo, ambako mgonjwa hufika kabla hajaona daktari bingwa. Nitafuata mgonjwa mmoja, mvuvi wa dagaa wa kilo 60.

Jumamosi usiku alikunywa na wenzake kinywaji kilicholetwa kwenye dumu. Jumapili asubuhi aliamka vizuri, akaanika dagaa. Jioni tumbo likaanza kuuma, akatapika, kisha akasema taa ya chumbani anaiona kama karabai iliyowaka ndani ya moshi. Alipofika kwetu alikuwa anahema haraka na kwa kina, ilhali mapafu yalisikika safi. Mboni za macho zilikuwa pana, na nilipomulika tochi zilisinyaa kwa uvivu.

Kwanza, elewa sumu inatoka wapi

Methanoli yenyewe hulevya tu, tena kidogo kuliko ethanoli, ile pombe ya kwenye bia. Sumu inatengenezwa na ini. Kimeng'enya kiitwacho alkoholi dehidrojenezi hugeuza methanoli kuwa fomaldehidi, na ndani ya dakika chache kimeng'enya kingine huigeuza fomaldehidi kuwa asidi ya fomiki. Hapo ndipo mambo yanakwama, kwa sababu mwili wa binadamu huiondoa asidi hiyo polepole sana, na unahitaji foleti kufanya hivyo. Asidi inajikusanya, inazima mitambo ya seli inayotumia oksijeni, na neva ya macho huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuumia.

Ndiyo maana mvuvi wetu aliamka mzima. Kazi ya ini huchukua muda, mara nyingi saa 12 hadi 24, na kama kinywaji kilichanganywa na pombe ya kawaida dalili huchelewa zaidi. Kimeng'enya ni kilekile kimoja, na chenyewe hupendelea ethanoli mara 10 hadi 20 kuliko methanoli. Ethanoli ikiwepo ya kutosha, methanoli husubiri nje na kutoka taratibu kwa pumzi na mkojo ikiwa bado haijageuka. Tiba yote imejengwa juu ya ushindani huo.

Pili, usidanganywe na magonjwa yanayofanana

Kanda yetu mtu anayehema haraka na kutapika huanzishiwa malaria kali. Pima malaria kwa kipimo cha haraka, pima na sukari. Kwa huyu malaria haikuwepo na sukari ilikuwa 5.8, kwa hiyo haikuwa asidi ya kisukari. Kuhema kwa kina, macho kufifia na habari ya dumu vilitosha. Usisubiri kipimo cha methanoli. Sehemu nyingi hakipo, na saa unazosubiri ndizo ini linazofanyia kazi.

Tatu, ziba kimeng'enya

Dawa nzuri kuliko zote ni fomepizoli. Hushika kimeng'enya kwa nguvu kubwa sana kuliko ethanoli, hailevyi wala haishushi sukari. Kipimo cha kuanzia ni miligramu 15 kwa kila kilo, kisha miligramu 10 kwa kila kilo kila saa 12. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013, lakini bei yake huifanya isionekane kwenye kabati za vituo vyetu. Sisi hutumia ethanoli: pombe kali ya dukani ya asilimia 40, chupa iliyofungwa na yenye chapa inayojulikana.

Lengo ni gramu 1 hadi 1.5 ya ethanoli kwa kila lita ya damu. Kuanzia unahitaji takribani gramu 0.7 kwa kila kilo, yaani gramu 42 kwa mvuvi wetu. Mililita moja ya pombe ya asilimia 40 ina gramu 0.32 hivi, kwa hiyo ni kama mililita 130. Ichanganye na maji au juisi kiasi hichohicho, maana ikiwa kali inaunguza tumbo na kutapisha. Mpe kwa mdomo akiwa macho kabisa. Kama amelegea, tumia mpira wa puani baada ya kuilinda njia ya hewa. Kama bado ana pombe ya kawaida mwilini, punguza dozi hii ya kwanza.

Baada ya hapo kila saa kuna dozi ndogo, na hapa ndipo wengi tunateleza. Asiyezoea pombe huhitaji kama gramu 4 kwa saa kwa uzito huu, sawa na mililita 13 za chupa. Mnywaji wa kila siku huichoma haraka na anaweza kuhitaji gramu 9, mililita 29 hivi. Mvuvi wetu alikuwa mnywaji, tukampa 29. Ukiruka dozi za saa mbili ukidhani "ameshalewa inatosha", ini hurudi kwenye methanoli.

Nne, mambo yanayokwenda sambamba

Pima sukari kila saa moja au mbili, hasa kwa watoto na waliokonda, kwa sababu ethanoli huishusha. Mpe sodiamu baikaboneti kwa dripu: damu ikiwa na asidi nyingi, asidi ya fomiki hupenya ndani ya seli kwa urahisi zaidi. Mpe asidi ya foliniki au foliki. Kisha mpe rufaa mapema kwenye mashine ya kusafisha damu, kwetu ni Bugando. Ukiziba kimeng'enya bila mashine, nusu ya methanoli inaweza kuchukua siku mbili kutoka. Kwenye mashine ni saa chache, ila ethanoli nayo inachujwa, kwa hiyo dozi ya kila saa huongezwa karibu maradufu.

Yeye alipona. Anatambua sura za watu kwa karibu, ila nyavu hawezi kushona tena.

Maswali ya wanachama

*Muuguzi, Ukerewe:* Daktari, usiku boti hakuna. Nimpe gongo ya mtaani?

Hapana dada. Hujui nguvu yake, na huenda ikawa ndiyo hiyohiyo yenye methanoli. Tuma mtu akafungue duka, na upige simu ya rufaa wakati unachanganya.

*Mwanachama, Kirumba:* Tumezoea kuiwasha. Moto wa bluu si dalili ya usalama?

Kaka, ethanoli na methanoli zote huwaka bluu. Ladha na harufu pia hazitenganishi.

*Mwanafunzi wa uuguzi:* Mgonjwa akifika tayari ana asidi nyingi, ethanoli ina faida gani?

Haiondoi asidi iliyokwisha kutengenezwa. Hiyo ni kazi ya baikaboneti, foleti na mashine. Lakini mara nyingi bado kuna methanoli iliyobaki, hivyo ethanoli huzuia asidi isiongezeke. Anza vyote pamoja.

*Mwanachama, Sengerema:* Na wale wengine waliokunywa dumu lile?

Swali hili lilitusumbua usiku uleule. Watatu walikuwa wanacheza bao mwaloni, hawana dalili yoyote, na mmoja alikataa kuja. Tuliwachukua wote. Wawili walianza kulalamika macho alfajiri, wakiwa tayari kwenye ethanoli, na macho yao yalibaki salama. Aliyekataa alikubali baada ya mke wake kumshika mkono na kupanda naye bodaboda.