SOMO: Kupumzika au kulipa minervali, kwa mzazi aliyechoka na mwenye dola 300 tu

Tangu shule zifungwe nimeulizwa mara nyingi: nisafiri kupumzika, au fedha niitunze kwa minervali, yaani karo ya shule? Kwa hiyo naliandika jibu mara moja.

1. Uliza shuleni minervali ya Septemba ni kiasi gani. Kama watoto wako katika shule ya msingi ya serikali, kumbuka kwamba hapa Kongo elimu hiyo ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019.

2. Linganisha gharama ya safari na awamu ya kwanza ya minervali tu, si na mwaka mzima. Mimi nina wawili wa sekondari: dola 80 kila mmoja ni 160, sare na daftari 70, hivyo zinabaki 70.

3. Lipa kabla ya kupumzika. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka mmoja niliahirisha mapumziko, nikaziweka dola 300 katika bahasha chini ya godoro, nikajiona mzazi mwenye busara. Kwanza ikatoka dawa, kisha mchango wa kilio, kisha shemeji akakopa, na shule zilipofunguliwa bahasha ilikuwa na dola 90, nami nilikuwa bado nimechoka vilevile. Fedha iliyo nyumbani haijawa akiba. Inamngoja tu mwenye shida. Peleka awamu hiyo shuleni mapema, udai resi yenye jina la mtoto, na usikubali neno la mdomo. Chunguza noti pia, kwa maana dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa dirishani.

4. Kilichobaki kitumie kupumzika. Niliwapeleka watoto kwa shangazi yao Likasi, nauli na mfuko wa unga vikala 45. Kwa 25 zilizobaki nilimlipa mtu wa kufua, nikanunua chakula kilichopikwa, nikalala siku nne bila kusonga bukari. Kwenda mimi mwenyewe kwa ndugu kungekuwa kazi nyingine, kwani mgeni mwanamke hupewa mwiko siku ya pili.

MASWALI

Baba wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi: Kwa hiyo nisafiri au nisisafiri?
Jibu: Soma hatua ya 2, Baba. Sijui minervali ya watoto wako.

Baba wa Kenya: Lakini mapumziko ya siku nne si mapumziko.
Jibu: Sikusema yanatosha. Nimesema yalilipika.

Mama wa Katuba: Dada, kwa nini usilipe mwaka mzima ukiwa na fedha?
Jibu: Swali zuri, Mama. Mtoto akihama shule katikati ya mwaka, kurudishiwa fedha ni vita. Tena ukimaliza yote, homa ya kwanza itakupeleka kwenye deni. Lakini kama shule inapunguza bei kwa anayelipa yote, piga hesabu upya.

Mama wa Katuba: Sisi katika likirimba, chama chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu, tunapiga kura ya nani apokee lini.
Jibu: Ombeni wenye watoto wa sekondari wapewe zamu za Agosti, na wasio nao wachukue Desemba. Kwetu walikubali, ila mmoja alitaka aandikiwe.