Kulala mchana na kuongeza usingizi wa usiku, kwa mkimbiaji anayeamka saa kumi alfajiri

Naandika baada ya kumsaidia dada mmoja anayenunua dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, anajiandaa na nusu marathoni. Anaamka saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi, anashinda kwenye vichanja mpaka jioni, anakimbia barabara ya Ujiji, analala saa tano usiku. Masaa matano basi. Miguu ilikuwa haipoi, hata mbio za polepole mapigo yanapanda.

Hatua ya 1: Andika masaa unayolala
Wiki moja, kwa kalamu na daftari. Saa za mkononi zinazodai kupima usingizi mzito na mwepesi mi sizifuati, zinakisia tu.

Hatua ya 2: Usingizi wa mchana
Saa saba mchana, baada ya kula, alamu ya dakika 25. Mkeka kivulini, kanga machoni, maana chumba cha bati saa hizo ni moto. Usivuke saa tisa, utakosa usingizi usiku. Ukiamka kichwa kizito na hujielewi hata baada ya nusu saa, ujue ulizama kwenye usingizi mzito, punguza alamu iwe dakika 20. Na ukiona kila siku unapitiwa ndani ya dakika mbili tatu tu, hilo ni deni, usiku hautoshi. Watu wanapenda kunywa kahawa kabla ya kujilaza ili ianze kufanya kazi wakiamka, na kweli inafanya, ila kama uko hatua ya 3 achana nayo, masaa matano baadaye karibu nusu yake bado iko mwilini.

Hatua ya 3: Kusogeza muda wa kulala (hapa ndo penye kazi)
Kuamka huwezi kubadilisha, dagaa hawasubiri, kwa hiyo unaongeza upande wa jioni. Sasa wengi wanaamua leo nalala saa tatu, wanajitupa kitandani, wanakodoa macho mpaka saa tano, wanasema haiwezekani. Sababu ni kwamba masaa mawili matatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala, mwili ndo unakuwa macho kuliko unavyodhani, hata kama umechoka. Na Kigoma tuna tatizo letu, tuko magharibi kabisa lakini saa ni ileile ya Dar, jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, yaani unaamka giza la masaa matatu halafu mwanga wa jioni unachelewesha usingizi.

Kwa hiyo sogeza dakika 20 kila baada ya usiku mbili. Yule dada tulimuanzisha mwezi ukiwa bado mwembamba: saa tano kasoro dakika 20, usiku mbili, halafu saa nne na dakika 20, hivyo hivyo, siku kama 12 akafika saa tatu, na hapo mwezi umejaa. Hiyo haikuwa bahati. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi mingi inapumzika, na mwalo unakuwa mtulivu. Siku hizo aliamka saa kumi na moja na nusu, masaa nane na nusu kitandani. Usivute asubuhi zaidi ya hapo, ukizoea kuamka saa moja, kurudi saa kumi ni mateso.

Vitu vilivyokwamisha: mazoezi ya kasi jioni (tuliyahamishia siku za mbalamwezi, asubuhi, jioni zikabaki mbio nyepesi), na hesabu za biashara kwenye simu akiwa ndani ya chandarua. Hesabu zifanyike kabla ya chakula cha usiku. Asubuhi jua likitoka, kaa nje, usijifiche kibandani, mwanga huo ndo unavuta saa ya mwili irudi mapema.

Usiku mbili tatu za kwanza za kulala sana utaamka mzito kuliko mwanzo. Mwili unalipa deni, usiache. Stanford waliwajaribu wachezaji wa kikapu, wakalenga masaa 10 kitandani kwa wiki 5 mpaka 7, na matokeo yaliyotoka 2011 yalionyesha mbio zao fupi ziliongezeka kasi. Kwa hiyo usipime kwa usiku mmoja. Pima mapigo kabla hujainuka kitandani, yakianza kushuka wiki hadi wiki, inafanya kazi.

Hatua ya 4: Mitumbwi ikirudi
Kuamka kunarudi saa kumi, kulala kunabaki saa tatu. Masaa saba, na zile dakika 25 za mchana. Kama wiki tatu zimepita hivyo na bado miguu mizito, au mtu wa nyumbani anasema unakoroma mpaka pumzi inakata, nenda hospitali wakupime malaria na wingi wa damu, na hilo la kukoroma uwaambie.